Gari Linadunda Mara Ngapi? Shokapu na Mpaka wa Mtetemo

Fundi wa gereji akitaka kujua hali ya shokapu, husogea kwenye kona ya gari, huweka viganja vyote viwili juu ya bodi usawa wa tairi, hubonyeza mara mbili tatu kwa kufuata mdundo, kisha huachia ghafla bodi ikiwa imezama chini. Baada ya hapo anahesabu tu. Bodi ikipanda, ikapitiliza kidogo usawa wake, ikarudi na kutulia, shokapu ni nzima. Ikiendelea kupanda na kushuka mara tatu, nne, tano, fundi huwa ameshapata jibu kabla hajagusa spana.

Katika sekunde hizo chache amepima kitu ambacho wahandisi hukiita uwiano wa ufifishaji. Ni namba moja tu, lakini inatosha kueleza jinsi chochote chenye springi kitakavyotulia baada ya kusumbuliwa. Namba hiyo ikiwa 1, tunasema mtetemo umefika mpakani. Wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba 1 ndiyo shabaha, kwamba shokapu bora ni ile inayofika hapo. Gari lako halikutengenezwa hivyo, na kuna sababu nzuri.

Mambo matatu kwenye kona moja

Chukua kona moja ya gari dogo la abiria. Juu ya springi kuna sehemu ya uzito wa gari, tuseme kilo 300. Chini yake kuna springi yenye ugumu wa nyutoni 20,000 kwa mita, maana yake ili kuibonyeza kwa sentimita 5 unahitaji nguvu ya nyutoni 1,000, karibu sawa na kuweka mzigo wa kilo 100. Ndiyo maana fundi habonyezi mara moja. Mwili wake peke yake hautoshi, kwa hiyo anabonyeza kwa mdundo mpaka bodi izame vya kutosha.

Kitu cha tatu ni shokapu. Ndani yake mna pistoni inayotembea kwenye oili, na oili inalazimika kupenya kwenye vali na matundu madogo. Ukiisukuma polepole inakubali bila ubishi. Ukiisukuma kwa kasi inakukatalia, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo inavyozidi kukataa. Hapo ndipo inapotofautiana na springi. Springi huangalia imebonyezwa umbali gani, shokapu huangalia inasogezwa kwa kasi gani. Springi huhifadhi nguvu na kuirudisha yote. Shokapu huichukua na kuigeuza joto, wala hairudishi kitu.

Fundi akishaachia, hakuna mtu anayesukuma tena. Kinachofuata kinaitwa mtetemo huru, kwa sababu gari limeachwa lenyewe na uzito wake, springi zake na shokapu zake. Fizikia yake yote imo katika mstari mmoja:

m·x″ + c·x′ + k·x = 0

Hapa m ni zile kilo 300, k ni ugumu wa springi, na c ni ukali wa shokapu, yaani inapinga kwa nyutoni ngapi kwa kila mita moja ya kasi kwa sekunde. Herufi x ni umbali wa bodi kutoka usawa wake, x′ ni kasi yake, na x″ ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika. Mstari unasema kwamba uzito, shokapu na springi vinavutana wakati wote, na jumla yao ni sifuri kwa kuwa hakuna mkono wa nje.

Tuondoe shokapu kwanza. Springi inaisukuma bodi juu. Bodi inapofika kwenye usawa wake tayari ina kasi, kwa hiyo inapitiliza, springi inaivuta chini, inapitiliza tena, na mchezo unaendelea. Kwa kilo zetu 300 na springi yetu, bodi ingepanda na kushuka mara 1.3 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 0.77. Mwendo huo unaamuliwa na uzito na springi peke yake.

Mpaka uko wapi

Sasa rudisha shokapu, uanze na dhaifu, kisha uiongezee ukali kidogo kidogo. Mwanzoni bodi bado inadunda, ila kila mdundo ni mfupi kuliko uliotangulia. Ukizidisha ukali, midundo inapungua. Mwishowe unafika mahali ambapo bodi ikiachiwa inarudi kwenye usawa wake na kusimama bila kupitiliza hata mara moja. Ukali wa chini kabisa unaotosha kuzuia kupitiliza huko ndio mpaka, na unapatikana kwa hesabu fupi:

c(mpaka) = 2 × √(k × m)

Kwa kona yetu ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 20,000 × 300, ambayo ni kama 4,900. Uwiano wa ufifishaji, unaoandikwa kwa herufi ya Kigiriki ζ, ni ukali wa shokapu uliyonayo ukigawanya kwa namba hiyo. Shokapu yenye ukali wa 1,470 inakupa 0.30. Yenye ukali wa 490, tuseme kwa sababu imechakaa mpaka imebaki na theluthi ya nguvu zake, inakupa 0.10.

Chini ya 1, bodi inapitiliza na kurudi. Juu ya 1 haipitilizi kamwe, lakini inarudi kwa kujikokota, kwa sababu shokapu inaizuia springi kufanya kazi yake. Ukiweka shokapu yenye uwiano wa 2 kwenye kona hii, bodi iliyozamishwa sentimita 5 itachukua sekunde 1.4 kufika karibu na usawa wake, na kwa kusema karibu nina maana kwamba imebakiza asilimia 5 tu ya safari. Ikiwa kwenye mpaka hasa, inafika hapo kwa sekunde 0.58.

Vitabu vingi husema mpaka ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Kauli hiyo ni ya kweli kwa sharti moja: kwamba hutaki kupitiliza hata kidogo. Ukivumilia kupitiliza kwa kiasi kidogo sana, kuna njia ya haraka zaidi. Weka uwiano wa 0.7 kwenye kona ile ile. Bodi itapitiliza kwa chini ya asilimia 5 ya kile ulichoizamisha, yaani milimita 2 na kitu kwa zile sentimita 5. Jicho halioni. Lakini itakuwa imeingia katika eneo hilo la asilimia 5 kwa sekunde 0.36 tu, na haitatoka tena. Watengenezaji wa vifaa vya kupimia vyenye mshale wanalijua hili, na mara nyingi huuacha mshale chini kidogo ya mpaka. Unafika upesi, tena ule mtikisiko mdogo wa mwisho unamhakikishia msomaji kwamba mshale haujakwama njiani.

Kuusoma uwiano kwa macho

Turudi kwenye boneti. Fundi hana haja ya kujua k, m wala c. Kwa shokapu inayofanya kazi kama mstari wetu unavyosema, kila mdundo unabaki na sehemu ile ile ya mdundo uliotangulia, na sehemu hiyo inategemea uwiano peke yake.

Kwa uwiano wa 0.30, bodi iliyoachiwa ikiwa imezama sentimita 5 itapanda mpaka sentimita 1.9 juu ya usawa wake, kisha itashuka mpaka sentimita 0.7 chini yake. Mpando wa pili ni wa milimita mbili tatu tu. Kwa mtu anayetazama, gari limepanda, limerudi, limetulia. Jumla ya muda ni kama sekunde moja na robo.

Kwa uwiano wa 0.10, bodi inatoka sentimita 5 chini, inapanda 3.6 juu, inashuka 2.7, inapanda 1.9, inashuka 1.4, na kuendelea. Inachukua kama sekunde tatu na nusu kutulia.

Kutokana na hili unapata kanuni rahisi ya kubeba kichwani. Linganisha kina cha mdundo mmoja na kile cha mdundo unaofuata upande ule ule. Ukibaki nusu, uwiano ni kama 0.11. Ukibaki robo, ni kama 0.2 na ushei. Ukibaki moja ya kumi, ni kama 0.34. Na ikikuchukua midundo miwili kufika nusu, gawanya 0.11 kwa mbili. Kwa magari ya kawaida ya abiria, bodi hutengenezewa uwiano kati ya 0.2 na 0.4 hivi. Kwa hiyo gari linalobaki na nusu baada ya mdundo mzima limeshatoka nje ya kiwango hicho.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Watu hutegemea kwamba shokapu iliyokufa italifanya gari lidunde kwa kasi tofauti. Halifanyi hivyo. Kwa uwiano wa 0.30 mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.81, kwa uwiano wa 0.10 unachukua sekunde 0.77. Tofauti ni sehemu ndogo mno kwa mtu kuihisi. Kasi ya kudunda inakueleza habari za springi na mzigo. Habari za shokapu zimo katika hesabu ya midundo.

Kwa nini gari halifikishwi 1

Kama gari lingetulia bila kupitiliza kwenye 1, kwa nini kiwanda kiliishie 0.30? Sababu ni kwamba shokapu haifanyi kazi baada ya tuta tu. Inafanya kazi pia wakati tairi linapanda tuta lenyewe.

Tuseme tairi linakutana na kinundu kinachoinyanyua kwa sentimita 5 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kasi yake ya kupanda ni nusu mita kwa sekunde. Shokapu ya 1,470 inapinga kwa nyutoni 735, na nguvu hiyo yote inapelekwa juu kwenye bodi. Shokapu ya mpakani, ya 4,900, inapeleka nyutoni 2,450. Kwa kona ya kilo 300, huo ni msukumo wa juu unaofikia zaidi ya nne ya tano ya nguvu ya uvutano wa dunia, na springi bado haijaongeza wa kwake. Abiria angepigwa na kila jiwe. Shokapu ile ile inayotuliza bodi baada ya tuta ndiyo inayoipiga bodi tuta linapofika.

Kwa hiyo kiwanda kinachagua mahali katikati: mtetemo ufe ndani ya mdundo mmoja hivi, lakini barabara isipelekwe yote kwenye kiti. Tena shokapu nyingi hutengenezwa zikiwa kali zaidi zinapofunguka kuliko zinapobanwa. Zikibanwa tairi linapanda kinundu, kwa hiyo ulaini unamsaidia abiria. Zikifunguka springi inaitupa bodi juu, hapo ukali unatakiwa.

Mizani hii inaeleza pia kwa nini mtu anayefunga shokapu ngumu za mashindano kwenye gari la kawaida hujuta akifika kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Shokapu kali mno katika kufunguka hairuhusu tairi kurudi chini upesi. Wimbi linalofuata linafika springi ikiwa bado imebanwa, na baada ya mawimbi kadhaa gari linakuwa limezama, limebakiwa na nafasi ndogo ya kufanyia kazi.

Mzigo unaiua shokapu iliyo nzima

Tazama tena kanuni ya mpaka. Ndani yake hamna shokapu. Kuna springi na uzito tu. Maana yake uwiano wa 0.30 haujaandikwa kwenye shokapu. Ni makubaliano kati yake na vile inavyofanya navyo kazi, na ukibadilisha kimoja umebadilisha uwiano, hata kama shokapu imetoka dukani leo.

Pakia gari mpaka kona yetu ya kilo 300 ifike kilo 500. Mpaka unapanda kutoka 4,900 hadi kama 6,300, na uwiano unashuka hadi 0.23. Mwenye gari anaona limezama nyuma, anaenda kuongezewa springi, au kufungiwa ngumu zaidi. Ugumu ukifika 30,000, gari linakaa vizuri kwa macho, lakini mpaka sasa ni kama 7,700. Shokapu ile ile nzima inatoa uwiano wa 0.19. Hapo mwanzo zile sentimita 5 zingebaki 0.7 baada ya mdundo mmoja. Sasa zinabaki karibu 1.5. Kama shokapu hiyo ilikuwa imeshachoka, hali ni mbaya zaidi.

Hiki ndicho chanzo cha malalamiko ya kawaida kwamba gari "limeharibika" baada ya kuongezewa springi, kwamba linayumba kwenye kona na kurukaruka kwenye matuta. Springi hazina kosa. Kilichosahaulika ni shokapu ya kulingana nazo. Kurudisha 0.30 kwa mzigo na springi hizo mpya kunahitaji ukali wa kama 2,300, zaidi ya nusu tena ya ule wa awali. Gari likishushwa mzigo, shokapu hiyo mpya itatoa 0.39, ambayo bado ni ya kuvumilika. Kwa hiyo ushauri kwa anayebadilisha springi ni mmoja: badilisha na shokapu, na uchague kwa mzigo utakaobeba, kwa sababu ni katika mzigo ndiko uwiano unakoshuka.

Pale ambapo kubonyeza hakutoshi

Kipimo cha mkono kina mipaka yake, na fundi mzuri anaijua. Springi za mapande, zile zinazopangwa jani juu ya jani kama kwenye pikapu nyingi na malori, husuguana zenyewe. Msuguano huo haujali kasi. Mdundo unapungua kwa hatua zinazolingana, tuseme sentimita moja, sentimita moja, kisha unakata ghafla, badala ya kubaki na sehemu ile ile kila mara. Gari la namna hiyo linaweza kutulia vizuri mkononi huku shokapu zake zimekufa kabisa, kwa sababu msuguano wa springi umefanya kazi yote. Bushi zilizokauka hudanganya kwa njia hiyo hiyo.

Pia mkono unabonyeza bodi, na bodi ni nusu tu ya kazi. Tairi na rimu yake nalo lina mtetemo wake, juu ya hewa ya tairi, wa haraka zaidi: kama mara 12 kwa sekunde kwa gari dogo. Shokapu hiyo hiyo ndiyo inayoutuliza, na mkono hauwezi kuuamsha. Dalili yake iko kwenye tairi lenyewe. Ukipitisha kiganja juu ya kashata zake ukakuta zimelika kwa mabaka, bonde na kilima kuzunguka tairi zima, kuna uwezekano mkubwa kwamba tairi limekuwa likirukaruka juu ya lami badala ya kuishika, ingawa inafaa kukagua na balansi yake.

Halafu kuna joto. Shokapu inayofanya kazi inageuza mwendo kuwa joto, kwa hiyo baada ya safari ya barabara mbaya mwili wake unakuwa wa moto. Kati ya nne, ile iliyobaki baridi kuliko wenzake huenda haifanyi kazi. Sogeza mkono kwa tahadhari, maana nzima inaweza kuunguza. Na joto hilo hilo lina gharama: oili ikichemka inakuwa nyepesi, au inachanganyika na hewa na kutoa povu, na uwiano unashuka gari likiwa njiani. Asubuhi iliyofuata, kwenye gereji, kila kitu kimepoa na kipimo cha mkono kinasema shokapu ni nzima.

Namba hii inatumika mbali zaidi ya magari, na huko mara nyingi huwa ndogo sana. Majengo na madaraja hayana shokapu za asili, yana msuguano mdogo wa viungo na nyenzo zake tu, kwa hiyo wahandisi huongea kwa asilimia za mpaka. Wanapokokotoa jengo litakavyotikiswa na tetemeko la ardhi, asilimia 5 ndiyo kiwango kinachotumika kwa kawaida. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London lilifunguliwa Juni 10, 2000, likayumba kwa hatua za watu, likafungwa siku mbili baadaye. Uwiano wake wa kuyumba upande upande ulikuwa chini ya asilimia 1. Kabla ya kufunguliwa tena mwaka 2002 lilifungiwa vifaa 37 vya majimaji vinavyofanya kazi kama shokapu, pamoja na vizito vya kumeza mtetemo, na uwiano ukapanda hadi zaidi ya asilimia 15. Hakuna aliyejaribu kulifikisha asilimia 100. Kilichohitajika ni mtetemo ufe upesi kuliko watu wanavyoweza kuulisha.

Kwa mwenye gari matumizi ni haya: bonyeza kona zote nne gari likiwa tupu, na ulinganishe kushoto na kulia, kwa sababu ekseli moja hubeba springi na uzito unaokaribiana, hivyo tofauti ya midundo ni tofauti ya shokapu. Upande mmoja ukitulia kwa mdundo mmoja na mwingine ukaenda mitatu, badilisha zote mbili za ekseli hiyo. Ukibadilisha moja tu, kona mbili za ekseli zitakuwa na uwiano tofauti, na kwenye tuta la kasi upande mmoja utakuwa umeshatulia wakati mwingine bado unadunda.